Ng'ombe akiacha kucheua

Mzee mmoja aliangalia filamu yetu fupi mpaka mwisho, kwenye simu, sebuleni kwa watu pale Majengo, afu akairudisha ile simu taratibu akasema, "Kwa hiyo alimjua."

Kijana aliyekaa pembeni yake akauliza, "Nani kamjua nani, mzee?"

"Ng'ombe," mzee akasema. Akanyanyuka akaaga, maana alikuwa anawahi kukata majani.

Yule kijana akanigeukia mimi. Vijana wote mle ndani walikuwa wameangalia filamu ileile, dakika tisa zilezile, na walichoona wao ni binti amekaa usiku kwa bibi yake, akaogopa kidogo, afu asubuhi ikafika. Mzee aliona kitu kingine kabisa, na alichokiona ndo hasa kile tulichokiweka.

Hilo limenisumbua wiki kadhaa. Inawezekanaje sini ileile mmoja imtetemeshe na mwingine imwache anatafuta chaja?

## Kuficha peke yake hakutoshi

Watu wakisikia unatengeneza filamu ya kutisha na huna hela, ushauri ni uleule: usioneshe kitu, mtazamaji atajijazia mwenyewe. Ni ushauri wa kweli ila una pengo kubwa, kwa sababu mtazamaji hawezi kujijazia kwa kutumia kitu ambacho hana. Ukimwonesha mlango mweusi tu, yeye anaona mlango mweusi. Ukimwekea kelele ya ajabu nje, anasikia kelele, na kama ameshaangalia filamu nyingi anajua ni paka au ni mtu wa kamera.

Ninavyoona mimi sasa, kazi ya kudokeza inaanza mapema zaidi. Kwanza unampa mtazamaji ujuzi fulani, mdogo tu, ukweli wa ile nyumba, mpaka aujue kama anavyoujua mlango wa kwao. Baadaye unavunja kitu kimoja kwenye huo ujuzi halafu unakaa kimya. Hofu yote inatoka kwenye kile anachokijua tayari.

Kuna mfano wa zamani sana wa hili. Mwaka 1942 studio ya RKO ya Marekani ilitoa Cat People, mtayarishaji akiwa Val Lewton na muongozaji Jacques Tourneur, na kwa viwango vyao hela ilikuwa kidogo. Kuna sini ya mwanamke anatembea usiku peke yake na mwanamke mwingine anamfuata kwa nyuma, na tunasikia visigino vya wote wawili barabarani, ko ko ko, kwa muda wa kutosha mpaka sikio linazoea. Kisha visigino vya anayefuata vinakoma. Vya aliye mbele vinaendelea. Baada ya hapo basi la abiria linaingia ghafla kwenye fremu na breki zake, na watu wengi wanakumbuka lile basi, ila mi naona basi lilikuja kukusanya hofu ambayo visigino vilishaitengeneza. Mtu alijua kelele ile ina maana gani, ndo maana ilipokosekana alijua pia.

Sisi hatuna barabara ya lami yenye visigino. Tuna migomba ya Kibosho, huku Kilimanjaro, na ng'ombe wa bibi.

## Bibi anasikia kabla ya hodi

Nyumba tuliyopigia picha iko ndani ya kihamba, yani shamba la migomba la familia linaloizunguka nyumba, jiko liko nje kidogo, na banda la ng'ombe limeegemea ukuta wa jiko kabisa, kiasi kwamba ukikaa jikoni unamsikia akicheua. Aliyekulia migombani anaijua hii sauti bila kujua kwamba anaijua. Inakuwepo tu usiku kucha, kama pumzi ya nyumba.

Na ng'ombe akisikia kitu anaacha kucheua. Anasimamisha taya, masikio yanageuka kuelekea kule sauti iliko, anatulia hivyo mpaka aelewe ni nini. Akishaelewa hakuna shida anaendelea. Hatukubuni hii tabia, muulize yeyote anayefuga.

Kwenye skripti ya mwanzo bibi alikuwa anamwambia mjukuu wake wazi kabisa, kwamba ukisikia ng'ombe ameacha kucheua usitoke nje. Mi nilikuwa naipenda hiyo sentensi. Mwenzangu anayeshika kamera akasema inanuka filamu, hakuna bibi anayeongea hivyo, na kweli bibi mwenye nyumba alivyoisoma akacheka akasema, "Sasa mwanangu nitamwambiaje mtoto kitu anachokisikia mwenyewe?"

Hapo ndo mambo yalipogeuka, kwa sababu tuliifuta ile sentensi na ikabidi tufundishe bila kusema.

Tulichoweka ni hivi. Mchana, bibi anamenya ndizi, binti anachambua maharage, nyuma yao ng'ombe anacheua. Kucheua kunakoma. Bibi bila kuinua uso anasema, "Sogeza hicho kigoda, kuna mtu." Sekunde kama nne zinapita, tunasikia "Hodi!" na jirani anaingia na ndoo yake. Wanasalimiana, na katikati ya salamu ng'ombe anaanza kucheua tena, na bibi anasema tu kwa kupita, "Huyu anakujua siku hizi," yani jirani kazoeleka mpaka kwa ng'ombe.

Jioni inarudia, ila tofauti kidogo. Kucheua kunakoma, safari hii binti mwenyewe ndo anainua kichwa, bibi amenyamaza anamwangalia. Hodi inakuja, ni muuza mafuta ya taa asiyejulikana pale. Anauza, anaondoka, na muda wote huo ng'ombe amenyamaza. Hatua zake zinapotea kwenye migomba ndipo taya zinaanza tena.

Hatujamwambia mtazamaji chochote, na tayari anajua mambo matatu. Ng'ombe akinyamaza kuna mtu. Baada ya sekunde chache mtu huyo atapiga hodi. Na kama ng'ombe akiendelea kucheua wakati mtu bado yupo, basi mtu huyo ni wa hapa.

Ukishamfundisha hayo, usiku unaweza kumtisha bila kitu chochote.

## Kumrekodi

Ng'ombe haelekezwi. Ukiingia bandani na tochi na watu wawili anaacha kucheua palepale, na hatorudia mpaka muondoke, kwa hiyo hatukuwahi kupiga picha yake akicheua usiku na hatukuhitaji. Sura yake tumeionesha mchana mara moja. Usiku ni sauti peke yake.

Kilichofanya kazi ni kuweka simu juu ya boriti, mita moja na nusu hivi kutoka kichwani kwake, mahali ulimi wake haufiki, ikiwa kwenye hali ya ndege ili isiite wala isingurume, kisha wote tunaondoka tunakwenda kunywa chai. Saa moja au mbili baada ya kula, akishalala chini na kutulia, anaanza, na anaweza kwenda muda mrefu sana. Unachopata ni mpangilio mzuri ajabu. Tonge linapanda, anatafuna kama mara moja kwa sekunde, mara hamsini hivi, anameza, kimya cha sekunde chache, tonge lingine linapanda.

Shikilia hicho kimya kidogo baina ya tonge na tonge. Nitakirudia.

Tatizo la simu ni kwamba inajipandishia sauti yenyewe. Ng'ombe akinyamaza kweli, simu inadhani haisikii vizuri, inaongeza usikivu, na unasikia mvumo unapanda shhhhh kama redio inayotafuta stesheni. Pale unapotaka kimya, simu inakuletea kelele. Kwa hiyo kimya chetu hakikutoka kwenye rekodi ya ng'ombe. Tulirekodi sauti ya mahali peke yake, dakika tano za kihamba usiku bila mtu kuongea, nyenje kwa mbali, majani ya mgomba yakigusana, afu tukaitandaza chini ya sini nzima mwanzo mwisho. Ng'ombe tukamlaza juu yake kama safu ya pili. Tunapomtoa ng'ombe, chini yake bado kuna usiku.

Hii ni muhimu kuliko inavyoonekana. Watu wengi wakitaka kimya kwenye kuediti wanafuta sauti yote inabaki sifuri, na mtazamaji wa simu akikutana na sifuri haogopi, anadhani bando limekata. Nimewaona kwa macho, kidole kinakwenda kubonyeza kioo. Ukiacha nyenje wanasikika kwa mbali, anajua filamu inaendelea na kwamba kuna kitu kimoja tu kilichoondoka.

Na sauti ya kucheua ina bahati nyingine. Spika ndogo ya simu haitoi besi, ule mngurumo mzito unaowekwa kwenye filamu za kutisha kwenye simu haupo kabisa, kama haujawekwa vile. Kucheua ni sauti ya majimaji na meno, iko juu, inatoka vizuri hata kwenye simu ya bei rahisi. Tuliishusha chini ya maongezi, kiasi kwamba unaisikia bibi akinyamaza na unaisahau bibi akiongea. Lazima mtu aisahau. Sauti ambayo mtu bado anaisikiliza ukiitoa ataona umeitoa wewe, ila aliyoisahau ikitoka, mwili wake ndo unaanza kuuliza.

## Kukata katikati ya tonge

Usiku. Bibi amelala. Binti yuko jikoni peke yake anakunja nguo kwenye mwanga wa chemli, mlango wa nje uko wazi nusu kwa sababu ya moshi. Ng'ombe anacheua.

Mara ya kwanza tulikata sauti pale ng'ombe anapomeza. Ilisikika safi na haikumgusa mtu. Sababu ni ule mpangilio, kila tonge linaisha na kimya chake cha sekunde chache, kwa hiyo sikio la mtazamaji lilipokea ukimya kama ukimya wa kawaida, likawa linasubiri tonge lingine kwa amani, na lilipokuja kushtuka sini ilishapita.

Tukahamisha mkato. Sasa tunaacha matonge mawili kamili yapite, pamoja na vimya vyake, ili sikio lishike mdundo. Tonge la tatu linaanza, anatafuna kumi, kumi na moja, kumi na mbili, anakoma. Katikati. Hakumeza.

Tofauti ni kubwa mno. Hakuna mtu aliyewahi kuniambia "kakoma kabla ya kumeza", hawajui, lakini mabega yanasimama. Nadhani ni kwa sababu kumeza ni mwisho wa kitu, na kukoma katikati ni kwamba kuna kitu kimemkatisha. Ukiediti hapa acha mkia wa tafuno la mwisho uishe wenyewe na upunguze kwa sehemu ndogo ya sekunde, ukikata kavu unasikika mlio kama wa swichi na mtu anatoka kwenye filamu.

## Hodi isiyokuja

Hapa ndo moyo wa kazi yote.

Mchana tulizoesha sekunde nne kati ya kukoma na hodi. Kwa hiyo usiku, ng'ombe akikoma, mtazamaji anahesabu bila kujua. Moja, mbili, tatu, nne. Hakuna hodi.

Kwetu anayefika nyumbani kwa mtu bila hodi ni nani? Ni mwizi, au ni mwenye nyumba. Hakuna wa tatu. Na hilo halikuhitaji kufundishwa, kila anayeongea Kiswahili analo.

Nilidhani tukikaa kimya muda mrefu zaidi hofu itakuwa kubwa zaidi, na mpaka sekunde nane tisa hivi ni kweli, watu wanasogea karibu na kioo. Ikipita kumi na tano bila kitu chochote kubadilika, hofu inaanza kuvuja. Mtu anakumbuka kwamba anaangalia filamu. Anaanza kumwangalia muigizaji badala ya binti. Kimya kirefu kinahitaji kulishwa, kidogokidogo, na kila tonge la chakula hicho liwe dogo na la kweli.

Sisi tulilisha hivi. Sekunde ya tano mikono ya binti inaacha kukunja. Haangalii mlangoni, anaangalia nguo iliyo mkononi, maana mtu anayesikiliza haangalii, anasikiliza. Sekunde ya tisa anainua macho. Sekunde ya kumi na mbili anafanya kitu ambacho muigizaji alikileta mwenyewe, hatukukiandika: ananyoosha mkono anapunguza utambi wa chemli. Ukifikiria ni jambo la akili kabisa, mtu aliye kwenye mwanga anaonekana na aliye gizani haonekani. Ila kwa mtazamaji ni mbaya sana, kwa sababu fremu nzima inazidi kuwa nyeusi, na aliyeizima ni mtu tunayemtaka awe salama.

Baada ya hapo ng'ombe anasimama. Sauti tu. Kamba inagonga mbao, kwato zinatafuta sakafu, pumzi moja nzito ya puani.

Hatuendi nje. Kamera haitoki mle jikoni hata mara moja.

## Mlango na ule weusi wake

Kamera iko kwenye tripodi, haiguswi. Binti yuko kulia, mlango uko kushoto, umeachiwa theluthi nzima ya fremu, na hakuna kitu ndani yake. Mtu akiona nafasi imeachwa wazi hivyo anaanza kuingoja ijae. Tukisogea kumkaribia binti tunamfunga mtazamaji macho, tukikata kwenda kuonesha mlango peke yake tunamwambia "angalia hapa". Tukiacha vyote viwili kwenye fremu moja anahangaika mwenyewe, uso, mlango, uso, mlango, na kila akiangalia kimoja ana wasiwasi na kingine.

Simu ina tabia mbili zinazoharibu hili. Ya kwanza, binti akigeuza uso kutoka kwenye taa, simu inaona giza na inaongeza mwanga yenyewe, ghafla mlango wote unakuwa kijivu na chengachenga. Bonyeza kioo kwa muda mpaka ioneshe imefunga mwanga, kwenye baadhi ya simu inaandika `AE/AF LOCK`, na ufunge ukilenga pembeni mwa chemli kabla sini haijaanza.

Ya pili inaumiza zaidi. Weusi mtupu ukiubana kwenda mtandaoni unavunjika, unageuka vipande vya mraba vinavyotembea kama viraka, na mtu anaona viraka badala ya usiku. Dawa tuliyoipata ni kutoacha mlango uwe mweusi kabisa. Tuliweka taa ndogo ya sola nyuma ya shina la mgomba, kama mita kumi kutoka mlangoni, tukaifunika kwa kanga iliyokunjwa mara mbili, ikabaki mwanga wa kuonesha tu ukingo wa majani mawili matatu. Majani yale yanapepea kidogo na upepo wa kawaida. Basi. Wawili kati ya waliotazama wameniapia kwamba wamemwona mtu amesimama, mmoja akaonesha kwa kidole mpaka begani kwake. Ni jani.

Kuhakikisha, tuma klipu kwa WhatsApp, ifungue kwenye simu ya bei ya chini kabisa unayoweza kuazima, ndani ya chumba chenye taa. Kama pale mlangoni bado unahisi kina, umeshinda. Kwenye kioo cha kuediti kila kitu ni kizuri.

## Akaanza tena

Sasa turudi kwa mzee na wale vijana.

Sini inaishaje? Baada ya ng'ombe kusimama, kimya, sekunde kadhaa, kisha taya zinaanza. Anacheua. Mdundo uleule wa amani.

Wale vijana wa mjini walipumua. Kwao ilimaanisha kilichokuja kimeondoka, mambo yamekwisha. Mzee yeye alikumbuka jirani wa mchana na muuza mafuta ya taa. Kwa mgeni, ng'ombe alinyamaza mpaka hatua zikapotea. Kwa anayemjua, aliendelea kucheua mtu akiwa bado yupo. Na usiku ule hakuna hatua zilizoondoka. Tulihakikisha hazipo.

Kwa hiyo hajaondoka, na ng'ombe anamjua.

Na kwenye filamu hiyohiyo, mchana, nyuma ya kichwa cha bibi, kuna kaburi la babu ndani ya kihamba, saruji bado mpya, mimea ya masale iliyopandwa pale imeanza kushika. Hatulitaji. Nyumba nyingi za huku zina makaburi yao hapo nje na hakuna anayeongea juu yake kila siku, kwa hiyo na sisi hatukuongea.

Swali lililoniumiza lilikuwa kama nitengeneze filamu ya mzee au ya wale vijana. Kwa siku kadhaa nilikuwa upande wa mzee kwa ukali, nikisema asiyejua asijue. Afu nikairudia sini ya mchana nikiwa na hedifoni, nikaona jirani anapoingia, ng'ombe anapoanza tena kucheua, binti anaongea juu yake. Salamu zilikuwa zimefunika lile jambo tunalotaka lijulikane. Mzee alijazia kwa kutumia maisha yake. Kijana wa Majengo hakuwa na pa kujazia kwa sababu hatukumpa.

Kwa hiyo tukaacha upenyo. Jirani sasa anasalimia, anakunywa maji, na wakati anakunywa hakuna anayeongea, ndipo taya zinaanza, na bibi anasema maneno yake akimwangalia ng'ombe. Ni sekunde sita zimeongezeka. Upande wa muuza mafuta tuliondoa muziki wote ili hatua zake zisikike zikiisha kabla taya hazijaanza.

Tuliwaonesha wengine, wa mjini vilevile. Taya zilipoanza usiku, dada mmoja akasema kwa sauti ya chini, "Mungu wangu, yuko ndani." Hatujawahi kusema ndani wala nje. Yeye mwenyewe amemwingiza.

## Gambuti

Kimebaki kitu kimoja ambacho mimi na mwenzangu wa kamera hatujakubaliana.

Gambuti za babu ziko pembeni ya mlango wa jiko tangu fremu ya kwanza. Mwenzangu anataka picha ya mwisho, asubuhi, gambuti zina tope bichi. Anasema mtazamaji amekaa na mashaka dakika tisa, mpe kitu cha kushika, na watu wetu wamezoea filamu inayowaambia mwisho. Simdharau kwa hilo. Filamu isiyolipa chochote inamfanya mtu ajione kachezewa, na hiyo ni hatari ya kweli ya njia hii yote, unaweza kudokeza mpaka ukawa husemi kitu.

Wasiwasi wangu ni kwamba tope linajibu swali la nani alikuja, na kwa kufanya hivyo linampeleka nje, kwenye migomba, linasema alikuja akatembea akavua viatu akarudi alikotoka. Amefika na ameondoka. Wakati kilichomfanya yule dada ashushe sauti ni swali la yuko wapi sasa hivi.

Pendekezo langu ni gambuti ziwe palepale, kavu, na binti azisogeze afagie, kama kila siku, huku ng'ombe anacheua. Anayetaka kuzikagua atazikagua.

Tumekata matoleo yote mawili. Tutayaonesha kwa watu ambao hawajawahi kulala nyumba yenye ng'ombe, kila kundi toleo moja, na tutauliza swali moja tu filamu ikiisha, kabla hawajaanza kujadiliana: babu yuko wapi? Wakisema kaburini au kwenye migomba kwenye toleo la tope, na ndani kwenye toleo la gambuti kavu, mwenzangu amekubali tope litoke. Wakisema ndani kwa yote mawili, basi linabaki, maana ng'ombe ameshafanya kazi na tope halijaiharibu.